Kidole Kimoja kwa Neither

Kidato cha kwanza pale Tinde walikuwa na ugonjwa mmoja: kuitikia. Madamu Dorika akisema sentensi, wanairudia. Akikohoa, hawakosekani wa kukohoa naye. Wiki ya kwanza chaki ilimkatikia mkononi, akasema, "Wait, my chalk is broken," na darasa zima likatangaza kwa furaha kwamba chaki yao imevunjika.

Dorika alikuwa mwanachuo, yupo hapo kwa mazoezi ya kufundisha. Akifaulu ukaguzi, chuo kimekwisha. Akifeli, anarudia mwaka, na kule Ushirombo baba yake alishawatangazia wanajumuiya wote kwamba binti yake ni mwalimu, tena wa Kiingereza. Mzee yule akianza kusifu hana breki.

Basi Dorika akaamua kuutumia huo ugonjwa. Kila sentensi waitikie, ila na kidole kiseme: kimoja kwa umoja, viwili kwa wingi. Each, every, either, neither: kidole kimoja.

"Neither anakuja na watu wawili," aliwaambia, "lakini kitenzi kinamtazama mmoja mmoja. Neither of the girls is late."

"Neither of the girls is late!" na vidole juu, kimoja kimoja.

There ndiye aliyewasumbua. Huyo, Dorika aliwaeleza, amesimama mlangoni tu. Mwenye nyumba anakuja nyuma ya kitenzi. Kwa hiyo ngumi inabaki hewani mpaka mwenye nyumba ajulikane. Akiwa goat, kidole kimoja na is. Wakiwa goats, vidole viwili na are.

Siku ya ukaguzi akaja Dokta Stanslaus kutoka chuoni, mtu aliyesifika kwa kuwafelisha watu huku akitabasamu. Alikaa nyuma kwenye benchi la watoto, magoti yakakaribia kidevu.

Somo lilianza vizuri mno. "Every goat has a rope." Kidole kimoja. "Either of the buses goes to Isaka." Kimoja. "Each of the boys has a pen." Kimoja, na Dorika akaanza hata kufurahia. Ndipo akamwona Dokta amekunja uso, anaandika jambo refu. Akauona mwaka wa kurudia unakuja. Akanyoosha fimbo kwenye picha ya mbuzi wawili, akasema kwa sauti ya kujiamini kabisa:

"There is two goats under the tree."

Usimcheke. Kwa Kiswahili kuna ni kuna, mbuzi awe mmoja au wajae zizi, na mtu akitishika hukimbilia anakokujua.

Akangoja waitikie. Kimya. Darasa linalorudia hata kikohozi lilinyamaza, mpaka malori ya barabarani yakasikika. Kisha Kudra, binti wa benchi la mbele, akainua vidole viwili karibu na shavu, kwa haya, kama anayetaka kumwambia mkubwa kwamba zipu yake iko wazi. Nyuma yake vikainuka viwili vingine, na vingine, darasa zima.

Dorika akaisikia sentensi yake upya. Angeweza kuruka picha na kuendelea. Alitamani sana kuruka.

"Kudra, nisahihishe."

"Samahani, Madamu. There are two goats under the tree."

"There are two goats under the tree," Dorika akarudia baada ya mwanafunzi wake, na hapo ndipo darasa likaitikia, kwa kelele za kutosha kuwaamsha mbuzi wenyewe.

Ofisini, Dokta alifungua karatasi zake. "Ule mtego wa mbuzi umeupanga vizuri, binti. Ila kwenye andalio la somo sijauona. Uandike, alama zake nimeshakuwekea."

Alichotakiwa kusema ni asante tu. Dorika akamfikiria baba yake, na jumuiya nzima.

"Haukuwa mtego, Dokta. Nilikosea. Nilikuona unaandika, nikatishika."

Dokta akamtazama, kisha akacheka mpaka akavua miwani. "Nilikuwa naandika kwamba benchi lenu linaumiza mgongo!"

Akachukua kalamu, akafuta alama za mtego. Dorika akaziona zikienda, akauma mdomo. Kisha Dokta akaandika nyingine, kubwa kuliko zile.

"Mtego mtu yeyote anaweza kuutega. Ila hawa wanaorudia kila kitu leo wamekataa kukurudia, na wewe ukawapa nafasi. Umefaulu, mwalimu."

Tangu asubuhi alikuwa akimwita binti. Dorika alitaka kumshukuru kwa Kiingereza kizuri kama mwalimu wa Kiingereza, ila akaona asijitie majaribuni tena.

"Asante, Dokta," akasema.