Mgawanyo wa Ishirini na Sita

Karani wa mishahara wa kiwanda cha uchapaji alikuwa amebakiza siku kumi na nane za kazi, na miguu yake ilikuwa inavimba kila ifikapo saa sita mchana. Watu walimwita Bi Senti. Jina lenyewe lilikuwa la sifa: miaka yote aliyolipa mishahara, hakuna aliyewahi kumdai hata senti, wala kiwanda hakikuwahi kuipoteza kwake. Yeye aliipokea sifa hiyo kama mtu anavyopokea salamu, bila kujali sana, lakini angekasirika kama ingekoma.

Asubuhi hiyo aliandaa kiinua mgongo chake mwenyewe. Hakukuwa na mwingine wa kukiandaa. Alitoa fomu kutoka droo ya chini, ile ile aliyowajazia wengine, akaandika mshahara wake wa msingi wa mwisho, laki saba na elfu themanini, bila kuingiza posho ya nyumba wala ya usafiri. Akagawa kwa thelathini, akapata elfu ishirini na sita kwa siku. Akazidisha kwa siku kumi na tano, kisha kwa miaka ishirini na minne na miezi minne. Milioni tisa, laki nne na tisini elfu. Aliitazama namba hiyo kidogo. Akaona ni ya kutosha kuezeka nyumba na kubakiza akiba ya kuugulia.

Sheria ya ofisi ilikuwa moja: anayeandaa malipo hawezi kuyahakiki. Kwa kawaida mhasibu ndiye aliyehakiki, naye miaka yote alikuwa akitia sahihi bila kuuliza, maana nani angemkagua Bi Senti? Lakini mhasibu alikuwa amelazwa, na mkurugenzi akaelekeza fomu ipelekwe kwa mtunza stoo, kwa kuwa naye anajua kuhesabu.

Mtunza stoo alikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu akaja na faili la Bi Senti kwapani, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Dada, mimi mambo ya kiinua mgongo siyajui," alisema. "Basi nikaona nianze na maandishi, kama ninavyofanya mzigo ukija. Kwanza nasoma hati, ndipo nafungua boksi."

"Na umeona nini?"

"Tarehe ya kuajiriwa iko sawa. Miaka iko sawa, na ile miezi minne mkataba unasema ihesabiwe kwa uwiano, umeihesabu. Mshahara ni wa msingi tu, sawa. Kumi na tano, sawa." Aliweka kidole kwenye fomu. "Sasa hii thelathini umeitoa wapi?"

Bi Senti alicheka, cheko la mtu aliyechoka. "Kaka, mwezi una siku ngapi?"

"Ya mwezi siulizi. Nauliza ya mkataba."

Akalifungua faili. Kifungu cha kumi na nne, mstari wa tatu. *Mshahara wa siku moja utapatikana kwa kugawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa siku ishirini na sita za kazi.* Chini ya ukurasa ilikuwepo sahihi ya Bi Senti mwenyewe, ya miaka kumi na mmoja iliyopita.

Alisoma mara moja, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akasoma tena.

Alikumbuka vizuri. Mwaka ule mikataba mipya ilikuja kutoka kwa mkurugenzi wa zamani baada ya mazungumzo marefu na wafanyakazi. Ni yeye aliyeigawa, idara kwa idara, akisema, "Saini hapa, na hapa." Alikuwa na mishahara ya kufunga wiki hiyo. Hakusoma. Na fomu ya kiinua mgongo, iliyochapwa kwa mkataba wa kale, ikabaki droo ya chini na thelathini yake.

"Umejipunja milioni moja, laki nne na sitini elfu," mtunza stoo alisema kwa upole. "Kwa ishirini na sita siku yako ni elfu thelathini kamili. Jumla inakuja milioni kumi, laki tisa na hamsini. Nimepiga mara tatu. Niandikie fomu mpya nisaini, dada, ukapumzike."

Alidhani amemletea habari njema. Bi Senti alikuwa ameligeukia kabati la chuma nyuma yake, lenye mafaili ya walioondoka.

"Kaka," alisema mwishowe, "hawa wote niliwagawia kwa thelathini."

Mtunza stoo alilitazama kabati, kisha akautazama mlango kama vile kuna mtu anasikiliza. "Wangapi?"

"Sijui. Tangu mwaka ule."

"Basi..." Alikuna kidevu. "Wewe badilisha ya kwako tu. Nani atajua?"

Kulikuwa na mmoja aliyejua, na Bi Senti hakuwa amemsahau. Miaka sita nyuma, mume wa mdogo wake, fundi wa idara ya kujalidi vitabu, alistaafu baada ya miaka kumi na tisa. Alipoitwa kuchukua malipo alisimama mbele ya meza hii hii na kuuliza, tena kwa adabu, "Shemeji, mbona kwenye mkutano tulisikia ishirini na sita?" Nyuma yake kulikuwa na foleni. Bi Senti alimjibu kwa sauti ya kusikika na wote: "Shemeji, hata mtoto wa chekechea anajua mwezi una siku thelathini." Foleni ilicheka. Fundi alitia sahihi, akaondoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga nyumbani kwake. Mdogo wake alikuja peke yake, mara chache, na hawakuwahi kulitaja jambo hilo.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa makamo mwenye simu mbili. Alimsikiliza Bi Senti bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mama, ya kwako nitailipa yote leo hii," alisema. "Hao wengine walisaini kwamba wamepokea haki zao zote. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Walisaini kwa kuniamini mimi."

"Na unataka kumaliza miaka ishirini na minne kwa kujitangaza kuwa umekosea?"

"Sitaki," alisema Bi Senti, na ulikuwa ukweli. "Nataka kwenda kulala. Lakini nitawapigia hesabu kwanza."

Alifanya kazi hiyo siku kumi na moja, katikati ya mishahara ya mwezi. Mtunza stoo alikuja mchana, baada ya kufunga dirisha lake, akamsomea tarehe na mishahara kutoka kwenye mafaili huku yeye akiandika. Walikuwa thelathini na mmoja. Wengine aliwakumbuka kwa sura: mkata karatasi aliyepoteza vidole viwili, mfagizi aliyeimba, dereva aliyelipwa akiwa hospitalini. Sita walikuwa wamekwisha kufariki, na mbele ya majina yao aliandika "warithi". Kila mmoja alikuwa amepunjwa kwa kiasi kile kile, sehemu mbili katika kila kumi na tano za haki yake. Jumla ilifika milioni kumi na tisa na ushee. Alipoiona alishika tama, na mtunza stoo akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

Orodha aliitoa nakala mbili. Moja akampa mkurugenzi. Ya pili alimwambia wazi kwamba anaipeleka ofisi ya chama cha wafanyakazi.

"Unanitisha, mama?"

"Nakuaga, mwanangu. Nimebakiza siku tatu."

Mkurugenzi aliwaza siku mbili. Ya tatu alikubali, kwa barua: nyongeza zingelipwa kwa mafungu matatu ndani ya miezi tisa, na ya Bi Senti ingekaa humo humo kwenye foleni, si kabla ya wengine. Hilo la mwisho alilitia yeye mkurugenzi, kama adhabu. Bi Senti aliona ni sawa. Kuagwa aliagwa kwa soda na keki ndogo, na hotuba ilikuwa fupi.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa mdogo wake, na nakala ya barua na karatasi ya hesabu ndani ya bahasha. Mdogo wake alimfungulia, akamwangalia usoni, akaangalia miguu, akasema tu, "Dada, pita ukae." Fundi alikuwa sebuleni, ameshika kiatu na gundi. Umri ulikuwa umempunguza mabega.

"Shikamoo, shemeji," alisema, maana Bi Senti alikuwa mkubwa wa mkewe.

"Marahaba." Aliweka bahasha mezani. "Shemeji, siku ile ulikuwa sahihi. Ilikuwa ishirini na sita. Nilikukosea hesabu, na nikakukosea mbele za watu."

Fundi hakuigusa bahasha. "Ile pesa iliyopungua," alisema taratibu, "ndiyo ingemalizia mashine yangu ya kujalidia. Nilikuwa nimeshatoa kianzio. Waliouza wakaichukua mashine, na kianzio kikaenda."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Hukuuliza." Alifunika chupa ya gundi. "Watu walikusifu sana, shemeji. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

Mdogo wake alisema, "Baba watoto..." lakini Bi Senti alimwinulia mkono. "Mwache. Amengoja miaka sita kulisema."

Hatimaye fundi aliifungua bahasha, akasoma barua, kisha karatasi ya hesabu. Laki saba na sitini elfu, mafungu matatu.

"Hii nitaipiga mwenyewe," alisema.

"Ipige."

Akaomba daftari na kalamu ya risasi. Kalkuleta hakuitaka. Aliandika laki tano na elfu ishirini, akagawa kwa ishirini na sita, polepole, midomo ikicheza, akapata elfu ishirini. Mara kumi na tano, laki tatu. Kisha laki tatu mara kumi na tisa, na hapo akasahau kubeba mbili. Bi Senti aliliona kosa lile likiingia kwenye mstari, akaung'ata ulimi. Mkono wake ulikuwa umekwisha kunyanyuka mezani. Akaurudisha mapajani.

Fundi alitazama jumla yake, akakunja uso, akafuta. Akaanza tena kutoka juu. Safari hii ilikuja milioni tano na laki saba. Akatoa milioni nne, laki tisa na arobaini aliyolipwa wakati ule.

"Laki saba na sitini," alisema.

"Ndiyo."

"Ngoja niirudie." Akafungua ukurasa mpya.

"Rudia tu, shemeji. Sina ninakokwenda."

Mdogo wake alileta maji ya kunywa na kigoda cha kupumzishia miguu, akakisogeza chini ya meza. Bi Senti alivua viatu. Akaegemea, akafumba macho, akisikia risasi ya kalamu ikikwaruza karatasi.