Upepo wa Kurudi

Hesabu ya kwanza ya Nthenya ilikuwa na kosa. Ya pili haikuwa nalo, na hiyo ndiyo iliyommaliza.

Alikuwa mpangaji wa safari katika kampuni ndogo ya ndege pale uwanja wa Wilson, Nairobi, lakini Januari ile ya 2008, ya ghasia za uchaguzi, ofisi yake ilikuwa kitanda chake, mtaani Kongo, Kawangware, kwa sababu barabara zilizibwa kwa mawe na matairi yanayowaka. Jioni moja rubani akampigia simu. Kanisa fulani lilitaka watu wake wanne watolewe mji mmoja wa magharibi, walikokuwa wamekimbilia kituo cha polisi kando ya kiwanja cha ndege. Ndege ilikuwa na viti vitano vya abiria. Nthenya akaomba kile cha tano kwa ajili ya mtu wake: Mutanu, mdogo wake, mpishi wa shule, alikuwa siku ya sita akilala kwenye sakafu ya kituo hicho hicho.

"Uzito ukikubali, aje," rubani akasema.

Uzito ndio uliokuwa na maneno. Huko hakukuwa na tone la mafuta, hivyo ndege ingebeba ya kwenda na ya kurudi. Na kiwanja chenyewe kilikuwa kifupi. Ukizidisha kilo, hupai. Njia ilikuwa maili mia moja na hamsini, zile za baharini wanazotumia marubani, na ndege hukata hewa maili mia moja na ishirini kwa saa. Saa moja na robo kwenda, saa moja na robo kurudi. Na upepo? Utatusukuma tukienda, utatuzuia tukirudi, ngoma droo, akajiambia. Kwa mafuta hayo watu watano walienea kilo kwa kilo. Mtu akitaka jambo sana, hesabu nayo humwonea huruma. Akampigia Mutanu.

"Jitayarishe. Kesho unalala kwangu."

Mutanu alilia kwa furaha.

Asubuhi Wepukhulu, mjaza mafuta aliyetembea kwa miguu kutoka mtaa wa Raila, Kibera, hadi Wilson, akamsomea taarifa ya hali ya hewa kwenye simu: upepo watoka mashariki kamili, maili thelathini kwa saa. Nthenya akaona kosa lake. Swali hilo hilo lilikuwa limewahi kumwangusha katika mtihani wa nadharia: upepo ukikusaidia kwenda na kukuzuia kurudi, je, muda wote haubadiliki? Alikuwa amejibu haubadiliki. Kumbe unaokuzuia unakaa nao muda mrefu kuliko unaokusaidia.

Akachukua duara lake la plastiki la kukokotolea upepo. Njia ya kurudi ilikuwa digrii mia moja na ishirini. Upepo wa mashariki, yaani wa digrii tisini, ungepiga mbele, kidogo upande wa kushoto. Nguvu yake ya ubavuni ilikuwa maili kumi na tano, kwa hiyo pua ya ndege ingegeuzwa digrii saba kushoto, ielekee mia moja na kumi na tatu, la sivyo wangesukumwa nje ya njia. Nguvu ya mbele ilikuwa maili ishirini na sita. Kasi juu ya ardhi ikabaki tisini na tatu. Dakika tisini na saba, si sabini na tano. Kwenda wangeokoa dakika kumi na tatu, ila rubani angezimaliza akizunguka juu ya kiwanja kukikagua kabla ya kutua; kurudi wangepoteza ishirini na mbili. Hizo ni lita ishirini zaidi, kilo kumi na nne na ushei, na wakimbizi hawana mizigo ya kushusha; ingebidi mtu abaki.

Angeweza kunyamaza. Akiba ya dakika arobaini na tano ingebaki ishirini na tatu, na nani angejua? Akawaona watu sita juu ya milima ya Mau, mawingu yakiwafunga, injini ikikohoa. Akapiga simu.

"Wepukhulu, ongeza lita ishirini."

"Ishirini? Si itapitisha weight kule?"

"Najua. Mwambie kapteni abebe watu wanne."

"Na sistako?"

"Ongeza, nimesema!"

Hakuthubutu kumpigia Mutanu. Mdogo wake aliambiwa na rubani kiwanjani, mfuko wake mkononi, kwamba atachukuliwa kesho.

Alasiri rubani akapiga simu. "Tumefika salama. Hesabu yako ilikuwa sawa, Nthenya, lakini upepo ulitulia. Tumerudi kwa dakika sabini na sita."

Lita ishirini zilikuwa bado kwenye tangi.

Kesho yake kiwanja kilizibwa kwa magogo. Keshokutwa kituo kilivamiwa, na Mutanu alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Walipomzika Kitui, mama yao alimshika Nthenya mkono. "Niambie, kwa nini hakupanda?"

"Ni upepo, mama. Ulikuwa mkali."

"Siku hiyo?" Mama akamtazama. "Siku hiyo nilipepeta kunde hapa nje mpaka nikachoka. Hakukuwa na upepo."