Oili Iliyobaki

Aibu aliyokuwa nayo Adila, wangegawiwa wasichana wote wa mtaa, na nyingine ingebaki.

Siku ile dukani, lakini, alikuwa simba. Muuzaji alipomletea oili ya injini, "Chukua hii, dada, mafuta ni mafuta," alikataa kwa sauti iliyomshtua mwenyewe. Alitaka oili ya gia za mashine ya boti, namba tisini, kama kitabu cha mashine kilivyoagiza. Akarudi ufukweni kifua mbele.

Mashine ilikuwa ya shangazi yake, Mwanvita, na hakuwa na nyingine. Kila msimu, oili ya mguu wa mashine, kwenye gia zinazozungusha pangaboi, humwagwa ikatiwa mpya. Safari hii kazi alipewa Adila, msomi wa chuo.

Akafungua skrubu ya chini, kisha ya juu. Oili kuukuu ikachuruzika ndooni, nyeusi, bila weupe wa chai ya maziwa. Alhamdulillahi, maji hayakuingia.

Chuoni walifundishwa kuisukuma mpya kwa pampu kupitia tundu la chini mpaka itokeze juu, ili hewa ipate njia. Lakini pampu ilikuwa ya mzee Muhidini, naye alizungukwa na wanaume kwenye bao. Aende pale, asalimie, kisha aombe? Mbona hata mtungi, alijiambia msomi, hujazwa kwa juu!

Akafunga skrubu ya chini kwa washa mpya ya kuzuia kuvuja, akamimina juu. Ikafurika upesi. Akafunga.

"Shangazi, nimebana matumizi! Nusu kopo imebaki."

"Mashallah! Elimu si bure."

Feisal, mwana wa shangazi, akaisukuma boti majini. Adila akainama kuondoa ndoo, akaganda. Iliyotoka ilikuwa maradufu ya iliyoingia! Mguuni mlikuwa na hewa. Gia zingesagana kavukavu, na riziki ya shangazi ingesagika nazo.

"Samahani, kaka Feisal," aliita. Labda kunguru walimsikia.

Feisal akashika kamba ya kuwashia.

Adila akaingia majini na gauni lake. "Usiwasheee! Gia hazina oili! Nimekosea!"

Bao likasimama.

"Kumbe ana koo!" alisema Muhidini.

Adila alitamani wimbi limfunike. Wimbi likamfika magotini tu. "Shikamooni. Babu Muhidini, naomba pampu."

"Marahaba. Si ungekuja mapema, mjukuu wangu? Hapa nafungwa tu."

Boti ikarudishwa, mashine ikasimama wima. Adila akafungua tena skrubu, akaikinga oili mpya kwenye bakuli safi, akaisukuma upya kutoka chini pamoja na ile ya koponi. Juu yakatoka mapovu, mapovu, kisha oili tupu. Akafunga juu kwanza, akachomoa pampu, akaziba chini haraka.

Shangazi akalipindua kopo. Halikudondosha kitu.

"Na ile akiba yetu, msomi?"

"Imeingia yote, shangazi."

"Sema kwa nguvu, na wa kule kwenye bao wasikie."