Sandali za Mguu wa Kavata

Wakubwa wa soko la simu hawana uso. Wale waliotuondoa kando ya barabara hapa Machakos, angalau nilikuwa nawaona wakishuka kwa gari, nikawalaani vizuri. Hawa wa simu wanatuma ujumbe tu, na chini yake hakuna hata jina la mtu.

"Nau," binti yangu Mutheu aliniita. Nau ni baba kwa Kikamba, na akiniita hivyo kwa sauti ya chini najua kuna neno. "Wamesema sandali za wanawake zikirudishwa tena, wanazitoa sokoni."

"Zina makosa gani?"

"Wanaozirudisha wanasema hazifanani na maelezo."

Niliweka chini msharasi wangu wa kutobolea ngozi. Mimi nakata ngozi, natoboa, nashona. Mutheu, akitoka kazini kwake dukani, anapiga picha na kuandika yale maneno ya kuita wanunuzi. Tangu kibanda changu kibomolewe, hilo soko la simu ndilo linanilisha. Likifungwa, sina pengine.

"Hebu nisomee hayo maelezo."

Akasoma: "'Sandali za ngozi halisi ya ng'ombe, zimeshonwa kwa mkono kwa uzi wa nta. Laini tangu siku ya kwanza. Mkanda haubani wala haukati. Zinafaa kila mguu.'"

"Uwongo uko wapi hapo? Ngozi si ni ya ng'ombe? Uzi si ni wa nta? Hao wakubwa wanatafuta tu mtu wa kukanyaga. Hata mamako alipougua walituzungusha dirisha hadi dirisha mpaka..."

"Nau, wacha wakubwa kidogo. Sikiliza wanunuzi."

Musau, jirani yangu anayeuza viatu vya mitumba, alikuwa ameegemea mlango wangu akimenya muwa. "Kimanzi, mimi nilikuambia," akasema. "Mtu ananunuaje kiatu bila kukivaa? Kesho utauza chai kwa picha, watu walambe kioo."

"Wewe uza vile vyako vya marehemu wa Ulaya," nikamjibu, naye akaenda zake akicheka.

Mutheu akanisomea. Mmoja alisema mkanda wa mbele unalegea upande wa kidole gumba. Mwingine alisema mguu wake unachezacheza ndani. Wa tatu, maneno ni hayo hayo. Halafu akanisomea waliosifu, na hao walikuwa wengi kuliko wale. Mama mmoja alisema ana nundu kando ya kidole gumba, na kwa miaka mingi hajapata kiatu kisichomliza, ila hiki.

"Za wanaume hazijarudi hata moja," Mutheu akasema. "Kwa nini za wanawake tu? Unazikata tofauti?"

Niliinuka, nikatoa karatasi ngumu iliyokaa nyuma ya sanduku la vyombo. Imekuwa nyeusi kwa mikono yangu, na kingo zake zimelainika kama kitambaa.

"Huu ni mguu wa mamako," nikamwambia.

Kavata, mke wangu, alikuwa na nundu hiyo. Kanisani alikuwa anavua viatu chini ya benchi, na wakati wa kwenda kupokea komunyo anavitafuta kwa vidole bila kuangalia, huku anaimba. Siku moja nilimwambia asimame juu ya karatasi, nikauchora mguu wake kwa penseli. Akacheka, ati namtekenya. Pale nundu ilipotokeza, tundu la kupitishia mkanda nililisogeza nje kidogo, na ule ukingo wa mkanda nikaupunguza kwa kisu mpaka ukawa mwembamba kama sikio la mbuzi. Alizivaa akaenda kuuza mboga, akasimama mchana kutwa. Jioni hakuomba maji moto ya kukanda miguu. Nikajua nimepata.

Tangu hapo sandali za wanawake zote nilizikata kwa mguu wake. Za wadogo nilipunguza, za wakubwa nikaongeza, lakini umbo ni lake. Kibandani hakuna aliyelalamika, kwa sababu watu walikuwa wanavaa kwanza. Yule ambaye haikumkaa aliirudisha juu ya meza, akaenda kwa mwingine. Wenye miguu kama ya Kavata ndio walibaki kuwa wateja wangu.

"Kwa simu hakuna meza," Mutheu akasema polepole.

"Hakuna."

"Lakini Nau, mimi sikuandika kwa kubahatisha! Kila aina unayoshona naivaa kwanza. Natembea nayo nyumbani, halafu naandika vile nasikia. Kweli haibani. Kweli inakaa kama nimezaliwa nayo."

Nikamwangalia. Alikuwa na vile viatu vyake vyeusi vya kazini, vya kufunika.

"Vua kiatu, mama."

Tunawaita binti zetu mama, lakini siku hiyo neno lilinitoka kwa njia nyingine. Akavua. Nikashika mguu wake, nikauweka juu ya ile karatasi. Mstari wa penseli karibu umefutika, lakini mguu uliujaza wote, kisigino mpaka vidole. Na kando ya kidole gumba, nundu ndogo ilikuwa inaanza kutokeza.

"Inauma?"

"Jioni tu," akasema. "Nilifikiri ni kusimama dukani."

Tulikaa hivyo, mguu wake mkononi mwangu. Nilichosikia ni kwamba mtu amerudi nyumbani kidogo.

Kisha akasema, "Itabidi tukate umbo lingine." Nikaivuta ile karatasi kifuani. Mutheu akatikisa kichwa. "Nani amesema tuitupe? Nimesema lingine. La mguu mwembamba. Hili libaki, lakini tuseme ni la nani."

"Jina la mamako halitauzwa kwa simu."

"Sitaandika jina. Nitaandika mguu."

Tukakaa kuandika. Akiweka "starehe ya kipekee", namwambia atoe, hayo ni maneno ya wanasiasa. Nikasema aandike haimfai nani. Akashtuka, "Nau, hakuna muuzaji anaandika hivyo!" Nikamwambia mezani nilikuwa nasema hivyo kila siku. Yeye naye akasema lazima tuandike urefu na upana wa soli kwa sentimita, ili mtu apime mguu wake kabla hajaagiza. Hilo sikuwa nimelifikiria, na lilikuwa zuri. Mwishowe ikawa hivi:

"Sandali ya mguu mpana mbele, au wenye nundu kando ya kidole gumba. Mkanda umesogezwa nje ili usiguse panapouma, na ukingo wake umepunguzwa kwa kisu. Ngozi ya ng'ombe, imeshonwa kwa mkono kwa uzi wa nta. Ni ya mtu anayesimama siku nzima. Kama mguu wako ni mwembamba, hii italegea. Angalia ile nyingine."

Ikabaki picha. Zamani alikuwa anaziweka juu ya ubao. Safari hii nikamwambia avae. Alitaka kuikata picha ile nundu isionekane. Nikakataa.

"Wataicheka, Nau."

"Mwenye kuicheka si mteja wetu."

Wakubwa wa simu hawakuandika kitu. Hao hawajui kusema asante wala pole. Lakini sandali hazikuondolewa, na waliorudisha wakanyamaza.

Halafu jioni moja Mutheu akaja na simu mkononi. Mwanamke wa Kivaa ameona picha. Anauliza kama mkanda unaweza kusogezwa zaidi, kwa sababu nundu yake imeishinda ile ya kwenye picha.

"Nimjibu nini?"

"Mwambie asimame juu ya karatasi," nikasema, nikivuta msharasi. "Na mwingine amchorie. Akijichorea mwenyewe, atainama na mguu utadanganya."