Dirisha Kabla ya Jina

Mkuu wa vipindi alimrudishia binti yangu skripti kama mtu anayerudisha sahani chafu. "Kurasa kumi na moja watu wanakunywa chai na kusalimiana! Mtazamaji atahamia mpira. Nipe kitu cha kumshika kabla jina la tamthilia halijatokea. Kesho asubuhi, la sivyo nafasi naipa kipindi kingine."

Wakubwa ndivyo walivyo. Wanasoma mwanzo tu, halafu wanajiona wamesoma vyote.

Nyumbani binti alibandika kadi ukutani, kila tukio na kadi yake. Akazitazama wee, kisha akabandua moja ya katikati na kuipeleka mwanzo kabisa. Nikaisoma. Mama mwenye gauni la kijani yuko kwenye dirisha la mapokezi hospitalini, ameshika kifua, karani hainui hata kichwa.

"Huyo ni mama yako," nikasema. "Unamfanya chambo?"

"Baba, usinichome. Tamthilia nzima ni ya mama. Kwa nini watu wasubiri kurasa zote hizo ndio wamwone?"

Hasira ninayo tangu nimzike mke wangu, na wenye lile dirisha bado wako maofisini wananenepa.

Binti akafuta jibu la karani. Sasa mama anauliza, "Mwanangu, kwani leo hamwoni watu?" Karani anainua kichwa, anafungua mdomo, na hapohapo picha inakatwa. Muziki. Zile kurasa za chai akazikamua: maneno yote nje, zikabaki picha fupifupi zinazopita chini ya majina ya waigizaji. Mkono unamimina chai, funguo za teksi mezani, viatu vya shule mlangoni. Mwisho, jina la tamthilia.

Tukasoma kwa sauti, mimi nikiwa karani. Baada ya jina, mama anaimba jikoni.

"Eh! Kumbe kapona?"

Binti akashika kichwa. "Baba! Tumerudi asubuhi, kabla hajaenda hospitali." Akaurudia ukurasa. "Lakini kweli, haionekani."

Alitaka kuandika saa kwenye skrini, akaghairi. Akampa mama pasi: anaimba huku akilinyoosha gauni lile la kijani.

"Na sasa?"

"Sasa najua anakokwenda," nikasema.

Kesho yake nilimsindikiza. Mkuu wa vipindi alianza kusoma amesimama, funguo za gari mkononi. Kufika kwenye pasi, akavuta kiti.

"Kwani karani alimjibu nini?"

"Endelea, bosi," binti akasema.

Akaendelea. Simu yake ikalia, hakuigusa. Alipofunga ukurasa wa mwisho alifuta miwani, akajifanya ina vumbi.

"Tafuteni waigizaji. Mwezi ujao tunarekodi."

Nje kwenye korido binti alinirukia shingoni kama mtoto. "Baba, cheka basi! Hata yeye ni mtu."

"Tutaona," nikasema. Nikamwomba anisomee tena, pole pole, mahali mama anapoimba.