Baba Hajahama

Mama alifariki siku ya kufua, nguo zikiwa zimelowekwa. Waliokuja kutupa pole walizikamua, wakazianika, kisha wakaamua kutupangia nyumba upya, na katika kupanga huko kadi ya Baba ya kupigia kura ikapotea. Kadi zote mbili, yake na ya Mama, zilikaa kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati, maana Mama ndiye aliyekuwa mtu wa karatasi nyumbani kwetu. Ya Mama ilibaki. Ya Baba sijui nani aliitupa. Nimeacha kuuliza, kwa sababu kila shangazi anamtaja mwenzake.

Wakati huo tume ya uchaguzi ilikuwa inazungusha mashine za kuandikisha. Mtaani kwetu mashine ilikuwa imeshapita, ikawa upande wa pili wa machimbo ya kokoto, kwenye kilima kinachochosha hata mwenye magoti mazima. Kaka yangu alimpeleka Baba kwa gari lake. Hakushuka, alibaki ndani akiongea na simu, shughuli anayoiita kazi. Baba akapigwa picha, akaweka vidole, akapewa kadi mpya, akaitia mfukoni bila kuisoma. Angekuwepo Mama, angeisoma pale pale, kwa sauti, mbele ya aliyeiandika. Ndivyo alivyosoma kila kitu, hata risiti ya sabuni.

Daftari la awali lilipobandikwa kwenye ukuta wa shule ya msingi, watu watazame majina yao na waombe marekebisho kabla ya kufungwa, hatukwenda. Mama ndiye aliyekuwa akienda, anarudi anasema, "Tupo." Tulikumbuka siku ya mwisho, tena kwa sababu Baba alisimama mlangoni akaiangalia shule, ambayo kutoka kwetu unavuka barabara tu, akauliza, "Tupo?"

Nikamchukua tukaenda.

Jina la Mama lilikuwepo. La Baba halikuwepo.

Karani alikuwa kijana mwenye kizibao cha tume, ameegemea meza ya darasani, anatafuna kitu na kuangalia simu. Alimwamkia Baba vizuri, nakiri. Akaingiza namba ya kadi kwenye kishikwambi chake.

"Jina lako lipo, mzee. Usiwe na wasiwasi."

"Lipo wapi?"

"Kule machimboni. Si ulijiandikishia kule?"

"Nilikwenda kuchukua kadi. Ya kwanza ilipotea."

"Basi ndiyo hivyo. Siku ya kura unakwenda kule."

Baba alitazama magoti yake, kama anayaomba ushauri.

"Na akija hapa?" niliuliza.

"Hapa hayumo, dada. Daftari likishafungwa, mtu anapigia alipoandikwa. Akikosekana kwenye orodha ya kituo, anarudishwa."

Nikamwonyesha jina la Mama ukutani. Nikamwambia huyu ni mke wake, ameshafariki, na yeye ndiye aliyeandikwa hapa.

"Poleni. Huyo atafutwa, kuna fomu yake." Alisema kama mtu anayetoa habari njema. "Na mzee mjazeni fomu ya kuhama. Ndiyo nyepesi. Anaandika alikuwa anaishi machimboni, sasa amehamia huku. Namtoa kule, namleta hapa, kwisha."

"Mimi sijahama," Baba alisema.

"Ni ya kwenye karatasi tu, mzee."

"Hata kwenye karatasi sijahama. Ile nyumba nimeijenga mimi. Nimetolea maiti mlango ule juzi juzi. Leo niweke sahihi kwamba nilikuwa naishi kwenye kokoto?"

"Kwani hakuna fomu ya kurekebisha makosa?" niliuliza.

"Ipo. Lakini hiyo inataka maelezo, inataka ushahidi, mpaka ofisa aione." Aliitaja kazi yake kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

Nilimpigia kaka. Nilikosea. "Mwambie asaini tu," alisema. "Kura moja ya mzee itapindua nini?" Kaka yangu huvaa fulana ya chama chochote kinachogawa fulana, kisha anatufundisha siasa. Nikakata simu. Baba hakuuliza amesema nini, alimlea, anamjua.

Baba akavuta kiti cha mwanafunzi, akakaa. Kilikuwa kidogo mno kwake, magoti yakamfika kifuani. Akasema atamsubiri ofisa. Karani akasema ofisa huenda asije. Baba akasema basi atamsubiri asije.

Alikuja mchana, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, ofisa mwandikishaji msaidizi wa kata, akikusanya fomu za siku. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Una barua ya mtaa kuonyesha unapoishi?"

"Ushahidi wangu uko pale ukutani," Baba alisema, akamwonyesha mstari wa Mama. "Tulikuwa tunalala chumba kimoja."

Karani akacheka. Ofisa hakucheka. Akamwambia karani afungue taarifa za Baba na za Mama, moja baada ya nyingine, akaziangalia juu ya miwani.

"Mtaa mmoja, namba ya nyumba moja, vituo viwili. Imekuwaje?"

"Mashine, mama. Kadi ikitolewa upya, yenyewe inaweka kituo ilipo siku hiyo. Mpaka mtu abadilishe."

"Na mtu huyo analipwa kufanya nini?"

"Sikuwa mimi kule."

"Hakuna aliyesema ni wewe. Lete fomu ya marekebisho."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Walimwona Baba amesimama machimboni, wakaamini anaishi machimboni. Makaratasi yote yale, vidole, picha, na hakuna aliyefungua mdomo kumuuliza mzee anapigia kura wapi.

Fomu ya marekebisho ilikuwepo muda wote, kwenye droo ya meza ile ile. Karani alipoileta, alileta na ile ya kumfuta Mama, akaanza na ya Mama, kwa kuwa ilikuwa fupi. Baba akaweka kiganja juu yake.

"Ya kwangu kwanza."

"Ni zile zile, mzee. Zote zinaingia leo."

"Ukimfuta yeye, mimi nabaki na shahidi gani?"

Ofisa akamwambia karani, taratibu kabisa, "Msikilize mtu mzima." Karani akaandika: kituo kilichoandikwa, kituo sahihi, sababu ya kosa. Sababu aliiandika mara mbili, ya kwanza alikuwa ameandika "amehama." Ofisa aliikata mwenyewe. Nikaisoma yote kwa sauti, mpaka mstari wa mwisho. Karani alinitazama kama nimemtukana. Baba akaweka sahihi, ofisa akaidhinisha, tukapewa kipande cha chini cha fomu.

Ndipo Baba akaondoa kiganja. Nilivuka barabara mara moja, nikarudi na nakala ya cheti cha kifo na kadi ya Mama. Karani akaichukua kadi, akairusha kwenye boksi pamoja na nyingine, huku anatafuta simu yake. Baba aliliangalia lile boksi mpaka nilipomshika mkono.

Daftari la mwisho limebandikwa shuleni wiki hii. Kaka alipiga simu kuuliza kama "lile jambo letu" lilifanikiwa. Letu! Kadi ya Baba iliyosahihishwa, tuliyoichukua baadaye kwa kile kipande cha fomu, iko kwenye kopo la majani ya chai, peke yake. Jina lake liko kituo cha shule ya msingi, chumba cha pili. La Mama halipo. Siku ya kura tutavuka barabara.