Mstari Alioruka Tirza

"Hivi, Isaka alikuwa mtoto au mtu mzima siku baba yake alipompeleka kuchinjwa?" Rumya, jirani wa chini, alimuuliza Tirza hivyo pale ngazini, kapu la viazi mkononi.

"Mtoto," Tirza akajibu bila kuwaza. Swali akalipeleka juu kwa Gitel, bibi mjuzi wa Maandiko.

Tangu macho ya Gitel yafifie, Tirza ndiye aliyemsomea kila Jumatatu. Kiti cha kushoto kwa Gitel kilikuwa chake. Siku hiyo alimkuta Noga amekikalia, yule msichana wa chuo mwenye sauti ya kubembeleza.

"Mimi naona alikuwa mtu mzima, mama," Noga alimwambia Tirza aliposikia swali. "Kuni zile zote alizibeba mwenyewe."

"Hata mjukuu wangu anabeba kuni," Tirza akasema. "Wewe hujazaa, utajuaje?"

Gitel akacheka. "Acheni kuchomana. Mstari wenyewe, kwa Kiebrania, unamwita na'ar, 'kijana'. Tirza, fungua konkodansi, tuone neno hilo linawaita akina nani kwingine."

Tirza akalivuta lile buku lenye kila neno la Maandiko na mistari linamopatikana, akaiona safu ya na'ar. Akasoma kwa sauti. Musa, akilia ndani ya kisafina. Kidole kikashuka kwa Yoshua, hemani. Yoshua, mtu wa vita. Kidole hakikutua hapo. Kikaruka hadi kwa Samweli, aliyetoka tu kuachishwa ziwa.

"Watoto watupu," Tirza akasema. "Basi."

Noga alikuwa ameinamia ukurasa uleule. Alikiona kidole kikiruka. Akamtazama Tirza, akanyamaza.

Kunyamaza kule kulimchoma Tirza kuliko kusutwa. Sasa hata aibu yake imehifadhiwa na huyu?

"Noga mwanangu, safu imeisha?" Gitel akauliza.

"Msomaji ni mama Tirza," Noga akasema taratibu. "Muulize yeye."

Tirza akakirudisha kidole juu. Akamsoma Yoshua. Akamsoma Siba, na'ar wa Sauli. Konkodansi ilitoa kipande tu cha mstari, ikabidi afungue kitabu cha Samweli wa Pili, na mstari unaofuata ukasema Siba alikuwa na wana kumi na watano.

"Mtoto mwenye wana kumi na watano," Gitel akasema. "Hebu turudi kwa Isaka mwenyewe."

Tirza akasoma. Katika mstari mmoja Ibrahimu aliwaacha na'ar zake wawili na punda, akaenda na na'ar wake.

"Watumishi na mwana, neno lilelile," Gitel akasema. "Kwa hiyo halipimi miaka. Ni yeyote aliye chini ya mkubwa wake, mchanga au mtumishi. Mwambie Rumya hapa hatupati jibu." Akapapasa meza, mkono ukaenda kushoto. "Noga, endelea wewe kusoma."

Tirza alifunga konkodansi, akaisogeza mbele ya msichana, akachukua mtandio wake na kutoka.